Barua nne kwa Salumu Athumani, mfanyakazi aliyeacha kufika kazini bila taarifa

BARUA YA KWANZA

Kiwanda cha Mikate
Ofisi ya Rasilimali Watu
Chang'ombe, Dar es Salaam
10 Septemba 2025

Ndugu Salumu Athumani,
Mwendesha Mashine ya Kukandia Unga, Zamu ya Usiku
Keko Machungwa, Temeke

YAH: KUTOONEKANA KAZINI TANGU JUMATATU

Habari za siku mbili hizi.

Hukufika kwenye zamu ya Jumatatu tarehe 8 wala ya jana, na hakuna aliyepata taarifa yako. Msimamizi wa zamu amekupigia mara kadhaa, simu haipatikani. Nami nimejaribu leo asubuhi, imekuwa vilevile. Meseji niliyokutumia bado haijafika kwako.

Kwa miaka mitatu uliyokuwa nasi hujawahi kukosa zamu bila kusema, ndiyo maana kimya hiki kimetutia wasiwasi kabla ya jambo lingine lolote. Gambuti zako na koti la kazi bado vimo kabatini. Wenzako wanauliza kila wanapobadilishana zamu.

Kama unaumwa, tujulishe hospitali au zahanati ulipo. Likizo ya ugonjwa ni haki yako, tunachohitaji ni cheti cha daktari. Kama kuna msiba au mtoto anaumwa, sheria inakupa siku za ruhusa yenye malipo, na zikipungua tutazungumza. Kama kuna jambo lililokukera hapa kazini, hata kama linamhusu msimamizi wako, njoo kwangu moja kwa moja, nami nitakusikiliza.

Naomba upige simu ya ofisi, au umtume ndugu yako, kabla ya Ijumaa tarehe 12 saa 10 jioni. Neno moja tu la kutujulisha uko wapi linatosha kwa sasa.

Wako katika kazi,
Mwanaidi
Meneja Rasilimali Watu

BARUA YA PILI

15 Septemba 2025

Ndugu Salumu Athumani,
Keko Machungwa, Temeke

YAH: KUTOKUWEPO KAZINI BILA RUHUSA, NA AGIZO LA KURIPOTI

Rejea barua yangu ya tarehe 10 Septemba, ambayo dereva wetu aliifikisha nyumbani kwako siku hiyohiyo. Jirani aliyeipokea alisema ulihama chumba hicho na hajui ulikohamia. Kwa sababu hiyo barua hii inapitia kwa dada yako, uliyemwandika kwenye fomu ya taarifa binafsi kuwa mtu wa kuwasiliana naye, na nakala yake inapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa.

Hadi Jumamosi tarehe 13 ulikuwa umekosa zamu 6 mfululizo. Kwa mujibu wa Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa kubwa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Nakwambia hili sasa, mapema, ili lisije likakufikia kama jambo geni.

Ujue pia kinachoendelea huku. Mwenzako wa zamu ya mchana amekuwa akiunganisha hadi usiku ili mashine isisimame, maana unga usipokandwa kwa wakati, mikate ya alfajiri haitoki na wenye maduka wanaondoka mikono mitupu. Amechoka, na hatuwezi kumwacha hivyo.

Unaagizwa kuripoti ofisini kwangu Alhamisi tarehe 18 Septemba, saa 4 asubuhi, ukiwa na maelezo ya maandishi na ushahidi wowote ulio nao: cheti cha daktari, tiketi ya basi, barua ya mtendaji. Ukishindwa kufika kwa sababu ya kweli, piga simu kabla ya muda huo tupange siku nyingine. Siku ambazo hukufanya kazi hazitalipwa, isipokuwa pale utakapothibitisha kuwa ulistahili likizo.

Kazi yako bado ni yako. Hakuna aliyeajiriwa mahali pako.

Mwanaidi
Meneja Rasilimali Watu

Nakala: Jalada binafsi, Ofisi ya Serikali ya Mtaa

BARUA YA TATU

19 Septemba 2025

Ndugu Salumu Athumani,
Kwa mkono wa dada yako, Tandika

YAH: WITO WA KUFIKA MBELE YA KAMATI YA NIDHAMU

Dada yako alisaini kitabu cha kupokelea barua tarehe 15 na kutuambia kuwa u mzima na kwamba amekusomea barua kwa simu. Nimeshukuru kusikia u mzima. Lakini jana hukuripoti, hukupiga simu, wala hukutuma mtu.

Unatuhumiwa kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuanzia tarehe 8 hadi 18 Septemba 2025, jumla ya zamu 10. Shauri litasikilizwa Jumatano tarehe 24 Septemba 2025, saa 4 asubuhi, katika chumba cha mikutano kiwandani.

Kwenye kikao una haki ya kujitetea kwa mdomo au kwa maandishi, kuleta mashahidi, kuwauliza maswali mashahidi wa mwajiri, na kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi cha TUICO hapa kiwandani. Mwakilishi huyo tumeshamjulisha na yuko tayari. Kumbukumbu za mahudhurio zitakazotumika zimeambatishwa.

Usipofika na usipotoa sababu, kamati itaendelea bila wewe na kuamua kwa ushahidi uliopo. Ukihitaji muda zaidi wa kujiandaa, omba kabla ya siku ya kikao.

Salumu, hata maelezo ya ukurasa mmoja atakayoyaleta dada yako yatasomwa na kamati.

Mwanaidi
Meneja Rasilimali Watu

Viambatisho: Kumbukumbu za mahudhurio, nakala za barua za tarehe 10 na 15 Septemba

Nakala: Jalada binafsi, Mwakilishi wa TUICO

BARUA YA NNE

26 Septemba 2025

Ndugu Salumu Athumani,
Kwa mkono wa dada yako, Tandika

YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA

Kamati ya nidhamu ilikaa tarehe 24 Septemba. Ilikusubiri hadi saa 4:45, kisha ikaanza. Hukufika wala hukuleta maelezo. Ilimsikiliza msimamizi wako wa zamu, ikapitia kumbukumbu za mahudhurio na uthibitisho wa kupokelewa kwa barua. Mwakilishi wa TUICO aliiomba kamati izingatie rekodi yako safi ya miaka mitatu, na kamati iliizingatia kwa dhati. Hata hivyo, bila sababu yoyote kutoka kwako, na bila dalili kwamba utarudi, iliona haina msingi wa kutoa adhabu ndogo zaidi.

Ajira yako imesitishwa kuanzia leo kwa kosa la utoro.

Utalipwa mshahara wa siku ulizofanya kazi Septemba hadi zamu yako ya mwisho, tarehe 6, pamoja na likizo uliyolimbikiza. Kwa kuwa uliajiriwa hapa hapa Temeke, nauli ya kurudi ulikoajiriwa haikuhusu. Fedha zitaingia kwenye akaunti yako ya mshahara. Cheti cha utumishi kiko tayari ofisini. Unaweza kukichukua mwenyewe au kumtuma dada yako akiwa na barua yenye sahihi yako. Michango yako ya NSSF imewasilishwa, na unaweza kuihakiki kwenye ofisi yao yoyote. Vitu vyako vya kabatini vimefungwa kwenye mfuko wenye jina lako na viko kwa mlinzi wa geti kuu. Tunaomba urudishe ufunguo wa stoo ya unga.

Usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa Meneja Mkuu ndani ya siku 5 za kazi baada ya kupokea barua hii. Vilevile una haki ya kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kusitishwa kwa ajira. Kama kuna jambo lililokuzuia ambalo hatukulijua, lieleze kwenye rufaa, na ambatisha ushahidi wake.

Mwanaidi
Meneja Rasilimali Watu

Nakala: Meneja Mkuu, Mhasibu, Mwakilishi wa TUICO, Jalada binafsi