Barua kwa mteja: kwa nini priampu haiwezi kufika -135 dBu

Mwanga, Kigoma
12 Machi 2025

Kwa: Bi. Rehema, Studio ya Kwaya na Kaswida, Ujiji

Yah: Kiwango cha kelele cha priampu ya maiki, chaneli 8

Dada Rehema,

Salaam, na pole na maandalizi. Nimeisoma karatasi yako ya mahitaji. Unataka priampu, yaani kikuzaji cha kwanza cha ishara ya maiki, yenye chaneli 8, vipuri visizidi shilingi 20,000 kwa chaneli, na kelele ya kwenye ingizo isizidi -135 dBu kwa maiki ya om 150; kwa kipimo hicho, namba ikishuka zaidi chini ya sifuri, kelele ni ndogo zaidi. Chaneli 8 naziweza, na bei nitaibana ikae humo. Hiyo -135 siiwezi, na hata ukiongeza fedha mara kumi hutampata wa kuiweza. Naeleza kwa kirefu usije ukadhani nakwepa kazi.

Kelele inaanzia ndani ya maiki yenyewe, kabla haijafika kwangu. Kitu chochote chenye ukinzani, madhali kina joto, elektroni zake hazitulii, na mtikisiko huo hutoa volti ndogo sana. Johnson aliipima na Nyquist akaieleza kwa hesabu, wakachapisha mwaka 1928. Hesabu yenyewe kwa maiki yako ni hii, k ikiwa namba ya Boltzmann isiyobadilika, T joto kwa kelvini, R ukinzani kwa om, na B upana wa masafa kwa hezi:

```
V = √(4 × k × T × R × B)
k = 1.38 × 10⁻²³   T = 293   R = 150   B = 20000
V ≈ 0.22 µV ≈ -131 dBu
```

Hiyo -131 ni maiki peke yake, ikiwa imeunganishwa na priampu ya ndotoni isiyo na kelele hata chembe. Wewe unataka desibeli 4 chini ya hapo. Na joto halitusaidii: ukiigandisha maiki mpaka nyuzi sifuri, utaokoa kama theluthi moja tu ya desibeli.

Najua utaniuliza mbona kwenye matangazo umeziona mashine zimeandikwa -135. Tazama vizuri maandishi madogo chini yake. Wengine hupima ingizo likiwa limeshotishwa, yaani pini mbili zimeunganishwa na maiki haipo. Aisii nzuri, yaani kile kipande cha saketi kinachokuza ishara, yenye kelele ya nanovolti 1 kwa kila mzizi wa hezi, ikipimwa hivyo, inatoa mikrovolti 0.14, na hiyo ndiyo -135 yako. Rudisha om 150 mahali pake, aisii ileile inaangukia kwenye -129. Wengine huongeza na kichujio cha A, kinachopunguza kelele za chini na za juu kwenye hesabu, namba ikapendeza zaidi. Si uongo, ila hakuna anayerekodi kwaya kwa waya ulioshotishwa.

Sasa tuje kwenye mfuko. Kwa shilingi 20,000, ukitoa kapasita, soketi, swichi na sehemu yako ya pawa saplai, aisii inayobaki mezani ni NE5532. Ni aisii ya kazi, naipenda, lakini ina nanovolti 5 kwa kila mzizi wa hezi wakati maiki yako ina 1.6 tu. Jumla inakuja -120 dBu. Nikiweka mbele yake transista mbili za kelele ndogo nafika -127, na bei inapanda hadi kama 32,000 kwa chaneli. Zile aisii maalumu za priampu nasita kukununulia kwa muuzaji nisiyemjua. Za bandia ni nyingi, maandishi yake safi na kelele yake kama mvua kwenye bati.

Je, -120 inatosha? Inategemea maiki. Maiki ya dainamiki inatoa karibu milivolti 1.9 kwa sauti ya desibeli 94. Mwimbaji akiikaribia mdomoni, hutasikia chochote cha kulalamikia. Lakini ukiisimamisha mita mbili mbele ya kwaya, sauti ikafika desibeli 80, unapata milivolti 0.38 hivi, na kelele inakuwa desibeli 54 tu chini yake. Kwenye vituo vya wimbo utaisikia ile "shhh".

Kwa hiyo fedha yako mimi ningeipeleka kwingine. Nunua maiki mbili za kondensa zenye milivolti 20 hivi kwa kipimo hichohicho. Hizo zinaipita dainamiki kwa desibeli 20, zaidi ya chochote ninachoweza kukufanyia kwenye saketi, na kelele yake yenyewe kwa kawaida itaizidi ya NE5532. Zinahitaji volti 48 kupitia waya wa maiki, nami nitaiweka.

Pendekezo langu ni chaneli 6 za NE5532 kwa bei yako, na chaneli 2 za transista kwa 32,000 kwa ajili ya kusimama mbali. Vipuri vyote jumla ni shilingi 184,000. Nitakupimia kila chaneli mbele yako, resista ya om 150 ikiwa kwenye ingizo, bila kichujio.

Ukikubali, nijibu kabla ya Ijumaa ili niagize vipuri Dar. Na feni ya dari hapo studio, dada, tafadhali ihamisheni. Hiyo inaizidi priampu yoyote.

Wako katika kazi,
Mhandisi Bakari