Somoe, mfamasia wa kliniki

Wengi dirishani huniita dokta. Naitikia, maana foleni ikiwa ndefu si wakati wa kubishana majina, lakini mimi ni mfamasia. Daktari anakupima na kukuandikia dawa. Mimi nasoma alichoandika, naangalia kama kinaendana na umri wako, uzito wako na dawa nyingine unazotumia, kisha natoa dawa na kukueleza namna ya kuitumia. Nikiona jambo haliko sawa, naenda kugonga mlango wa daktari wewe ukiwa bado umekaa kwenye benchi.

Kwetu ni Newala. Shahada ya famasi nilisomea Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, miaka minne, nikamaliza 2013. Ulifuata mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na baada ya hapo nikasajiliwa na Baraza la Famasi. Usajili ni wa mara moja, leseni ya kutoa huduma ndiyo inayohuishwa, na yangu ni hai. Cheti cha usajili na leseni vimetundikwa ukutani, kulia kwa dirisha la dawa, usawa wa macho. Visome ukiwa unasubiri. Ukitaka kuhakikisha, namba iliyoandikwa pale ndiyo ya kuulizia Baraza.

Kazi nilianzia hospitali ya wilaya mkoani Lindi, nikakaa miaka minne. Huko nilitoa dawa kwa wagonjwa wa nje na wa wodini, nikatunza stoo, na kuandaa maombi ya dawa kwenda Bohari ya Dawa, Kanda ya Mtwara. Masika barabara ikikatika ndipo unapojua kama hesabu zako za stoo zilikuwa za kweli au za kubahatisha. Baadaye nilikuwa mfamasia msimamizi wa famasi ya rejareja hapa Mtwara mjini kwa miaka mitatu. Kliniki hii nimejiunga nayo 2021.

Jambo lililobadilisha namna ninavyofanya kazi lilitokea mwaka wangu wa kwanza Lindi. Nilimpa mzee mmoja kapsuli 15 za amoksilini, nikaandika kwenye bahasha 1x3 kama tulivyozoea, nikamwambia "kutwa mara tatu, siku tano," nikaita anayefuata. Siku ya nne akarudi, kidonda hakijapoa hata kidogo. Akatoa bahasha mfukoni. Nikamwaga kapsuli kwenye trei, nikahesabu: 12.

"Mzee, mbona hukunywa?"

"Nimekunywa, mwanangu. Si umeandika moja, siku tatu? Nikanywa moja, moja, moja. Zikaisha siku zake."

Hakukosea kusoma, niliyekosea kuandika ni mimi. Tangu siku hiyo bahasha zangu zina maneno: kapsuli moja asubuhi, moja mchana, moja usiku, mpaka ziishe. Asiyesoma namchorea jua linachomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro idadi ya vidonge. Halafu namwomba anieleze mwenyewe atakavyotumia akifika nyumbani. Huwa nasema, "Hebu nifundishe mimi sasa." Watu hucheka, lakini ndipo tunapogundua kwamba "kijiko kimoja" cha sirapu kwake ni kile cha kulia wali, wakati mimi nina maana ya mililita tano. Dawa ya mtoto ya unga naichanganya papo hapo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa, mama akiona, na naandika tarehe ya kuimwaga.

Maelezo mengine yanategemea msimu na maisha ya hapa kwetu, hayamo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Dawa mseto ya malaria, kwa mfano, hufyonzwa vizuri ikiambatana na chakula chenye mafuta. Wali wa nazi unatosha, kiganja cha korosho pia. Mtu mzima ana vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu zitimie. Wanaoacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka ni wengi, na vidonge vilivyobaki huwa wanamwekea mtoto. Naomba msifanye hivyo.

Mabibo yakiiva, mgonjwa ninayempa metronidazoli namuuliza waziwazi kuhusu uraka na nipa. Sihukumu mtu. Namweleza tu kwamba pombe na dawa ile huweza kumletea kutapika, moyo kwenda mbio na uso kuwaka, kwa hiyo aache mpaka siku mbili baada ya dozi kwisha. Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho huja wenye pumu, na hao nawaomba wavute dawa yao mbele yangu. Mara nyingi kopo ni zima, ila dawa inaishia mdomoni.

Ramadhani ina mazungumzo yake. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi au insulini asibadilishe saa za dawa kwa kukisia, sukari inaweza kushuka vibaya mchana. Afike wiki mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, tukae na daktari tupange, na pengine daktari atamwambia asifunge. Kwa asiye na friji, namweleza namna ya kuhifadhi insulini: ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini, mbali na jiko.

Yapo ninayokataa, na wapo walioondoka wamenuna. Sitoi antibiotiki bila cheti cha daktari. Siuzi nusu dozi, hata kama pesa ni pungufu. Tukizungumza mapema, daktari huweza kuandika dawa nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi ileile. Sibadilishi dawa iliyoandikwa bila kumuuliza aliyeiandika. Na dawa ikikuletea vipele, uvimbe au chochote usichokitarajia, rudi nayo. Tutaijaza taarifa kwenye fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hata kama tatizo lenyewe limeshapoa. Ukipata shida ya kupumua, usisubiri dirisha lifunguliwe, nenda hospitali ya karibu saa hiyohiyo.

Kuna meza ndogo nyuma ya pazia, kushoto kwa dirisha. Ni ya mazungumzo ambayo hungependa foleni iyasikie: dawa za uzazi wa mpango, dawa za kufubaza virusi, maradhi ya zinaa, au kukiri tu kwamba dawa uliziacha mwezi uliopita. Sema tu "naomba kukaa," nitaelewa.

Nipo Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, na Jumamosi mpaka saa saba mchana. Nisipokuwepo yupo fundi dawa sanifu, na jambo lililomzidi hunipigia simu. Ukija, beba kila unachokunywa nyumbani kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, na za miti shamba pia. Za miti shamba ndizo watu huzificha, na ndizo ninazoziulizia kwanza.