Muhtasari wa marekebisho ya sheria ya kazi kwa karakana yako

Shikamoo mama. Marekebisho yanaanza kutumika 1 Julai. Linalokugusa zaidi ni saa za ziada: sasa zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na ni lazima uwe na daftari la saa ambalo mfanyakazi analisaini. Anza na hilo, maana zamu ya jioni mnaiandika kwa makadirio tu.

Mikataba mipya iwe ya maandishi tangu siku ya kwanza. Ya zamani umepewa hadi 31 Desemba. Hati ya mshahara itolewe kila mwezi, hata kwa vibarua. Sera za likizo ya uzazi na nidhamu zirekebishwe kabla ya 30 Septemba; ya sare haiguswi. Madai ya kabla ya Julai yanabaki chini ya sheria ya zamani.