Maelezo ya video ya siku ya wazi, kwa Salehe

Marahaba mwanangu Salehe, habari za Dar. Vionjo vyako viwili vya video ulivyotengeneza kwa mashine ya akili mnemba nimeviona, nimewaonyesha na walimu wenzangu ofisini tukacheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini. Yani shule ina basi la njano na makabati ya chuma kwenye korido, watoto wako 12 darasani kila mmoja na meza yake, na ile ya pili sasa, vumbi jekundu, mbuyu, twiga anapita nyuma ya darasa. Twiga Lushoto! Sikulaumu maana uliandika tu "shule ya msingi Tanzania" na mashine ikajaza yaliyobaki kwa inavyojua yenyewe. Ndo maana nimekaa leo nikuandikie kila kipande kinavyotakiwa kuwa, wewe ukageuze kuwa prompti, yani maelekezo ya kuiandikia mashine, Kiingereza chake utakijua mwenyewe.

Siku ya wazi ni Jumamosi tarehe 24 Oktoba 2026 kuanzia saa 3 asubuhi. Video iwe dakika moja na nusu, isizidi. Itaenda kwenye magrupu ya Watsapu ya wazazi na mtendaji atairusha kwenye grupu la kijiji, kwaiyo iwe ya wima na faili liwe jepesi, wazazi wengi huku wanaweka bando la mia tano na simu zimejaa. Tunaowalenga zaidi ni wenye watoto wa kuanza awali na darasa la kwanza Januari, na wale ambao mtoto yupo kwetu toka la kwanza hadi la tano na hawajawahi kukanyaga ofisini.

Kabla ya vipande nikwambie kitu kimoja ambacho ukikishika mengine yote yatakaa sawa. Mzazi ataangalia hii video Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi atakuwa amesimama getini kwetu. Chochote utakachoweka ambacho hatuna atakitafuta na asipokiona ataniuliza mimi sio wewe. Kuna mjumbe wa kamati ya shule aliniomba tuweke chumba cha kompyuta "kwa kuwa mashine inaweza", nikamwambia mashine inaweza ila shule haina. Hatuna kompyuta za wanafunzi, hatuna basi wala sakafu ya marumaru. Na upande wa pili pia sitaki, sitaki watoto peku peku wenye machozi na nzi usoni na muziki wa huzuni, hiyo ndo picha ingine ambayo mashine inaipenda ukiiambia Afrika. Watoto wetu wana viatu, vingine vimechoka ndio, lakini wanavyo.

Sare ni shati jeupe na kaptula ya bluu nzito kwa wavulana, wasichana sketi ya bluu nzito, juu sweta la bluu nzito kwa wote maana asubuhi huku baridi unaijua. Nywele zimenyolewa fupi kabisa wasichana kwa wavulana, iandike kwenye kila prompti usichoke, vinginevyo itakuletea rasta na shanga. Darasani ni madawati ya mbao watoto watatu kila dawati, ubao ni ukuta uliopakwa rangi nyeusi, chaki nyeupe, madirisha ya nondo, bati juu bila dari. Awali wapo 61 kwaiyo darasa lionekane limejaa. Mjumbe yuleyule alisema tuonyeshe 20 ili pavutie. Hapana.

Umesema kila klipu inatoka sekunde 8, bas tufanye vipande vya kutengeneza viwe 6, vilivyobaki tunarekodi kwa simu, nitaeleza kwa nini.

Cha kwanza ni alfajiri ya saa 12 na nusu. Bonde lina ukungu, milima ya kijani, mashamba ya ngazi yenye kabichi na karoti, mikaratusi pembeni ya njia. Watoto kama saba wanapanda njia ya udongo kuelekea shule, tunawaona kwa mgongo, mmoja ana fagio la chelewa mwingine kabeba kidumu kidogo cha njano. Kamera iwafuate taratibu usawa wa mabega yao. Usitumie ile ya kutoka angani kama droni, inafanya shule ionekane hoteli.

Cha pili ni darasa la awali, mikono tu. Mikono ya watoto wadogo inapanga vizibo vya soda kwa makundi ya tano tano juu ya mkeka, mwanga unaingia dirishani toka kushoto. Vizibo viwe vya rangi mchanganyiko, vimekwaruzika. Angalia vidole kabla hujanitumia, kile kionjo chako mtoto mmoja alikuwa na sita.

Cha tatu uji, saa 4 asubuhi. Hapa nataka utulie. Sufuria kubwa jeusi kwa nje liko kwenye jiko la matofali, kuni zinaonekana mdomoni, mvuke unapanda, mama mpishi wa makamo kajifunga kanga mbili na kilemba anachota kwa upawa mrefu na kumimina kwenye vikombe vya plastiki vya rangi rangi. Uji ni wa mahindi, mzito kidogo, sio maji. Mstari wa watoto unaonekana nyuma kwa ukungu ukungu. Nimekaza hapa kwa sababu mahindi yale wazazi ndo wanachanga, na wapo wanaosema elimu si bila malipo toka 2016 tunachangia nini tena, sasa wakiona uji wenyewe unamiminwa mjadala unakuwa mfupi. Mashine isije ikaweka bakuli na vijiko vya fedha.

Cha nne la saba wanafanya jaribio la kuchuja maji, chupa ya plastiki iliyokatwa kitako imegeuzwa mdomo chini, ndani kuna tabaka, juu mchanga, katikati mkaa uliopondwa, chini kokoto, na kitambaa mdomoni. Maji ya tope yanaingia juu, yanadondoka masafi kwenye glasi. Iwe kwa karibu sana, nyuso mbili zikichungulia kwa pembeni. Mpangilio wa tabaka usibadilike, mwalimu wa sayansi ameniambia ukikosea atakataa kuja siku hiyo, anatania ila sio sana.

Cha tano shamba la shule, haraka tu, mikono inapandikiza miche ya kabichi kwenye ngazi. Sekunde 4 zinatosha.

Cha sita ndo moyo wa yote, na kama pointi zako za kutengenezea ni chache zitunze kwa ajili ya hiki. Wazazi wamekaa nje kwenye madawati yaliyotolewa darasani, chini ya mti mkubwa wenye kivuli. Bibi wa miaka kama 70, kanga, kilemba, sweta juu ya gauni, ameshika daftari la mjukuu wake. Mjukuu msichana wa miaka 9 amesimama begani kwake anapitisha kidole kwenye mstari akisomea kwa sauti, bibi anafuatisha kidole kwa macho. Sitaki bibi alie, sitaki akumbatie mtu, sitaki wote wageuke kucheka na kamera. Anasikiliza tu, labda kichwa kinatikisika kidogo. Nyuma mwalimu wa kiume, shati la mikono mirefu, kainama anaongea na baba mmoja juu ya daftari lingine. Hiyo ndo siku yetu ya wazi, mzazi kufungua daftari. Wengi hawaji kwa sababu wanadhani wataitwa kudaiwa au kusemwa, na wengine kwa vile hawajui kusoma wanaona aibu. Nataka mtu wa namna hiyo aone kuna kiti chake. Kurasa za daftari zisionekane kwa mbele maana maandishi ya mashine ni makorokoro, tuone daftari kwa ubavu au kwa nyuma. Hali kadhalika ubaoni, andika kwenye prompti ubao uwe mtupu. Maneno yote utaweka wewe baadae wakati wa kuunganisha.

Sasa vya kurekodi kwa simu. Bendera kwanza. Nimeona mashine inachanganya, yetu kijani iko juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili, mstari mweusi unapanda toka chini mlingotini na kingo zake za njano, ikigeuzwa hiyo ni aibu na maswali toka kwa afisa elimu kata. Tutarekodi yetu wenyewe. Vyoo vipya na chumba cha wasichana cha kujisitiri pia tutarekodi, kitu cha kweli hakihitaji kutungwa, na wazazi wa mabinti ndo wanachokiulizia. Na ngoma, mdumange wa la tano na la sita. Ukiiandikia mashine ngoma ya Kisambaa itakuletea Wamasai wanaruka. Tutachukua miguu na ngoma zenyewe, na sauti yake ndo iwe muziki wa video nzima, usiweke ule muziki wa bure wa mtandaoni kila tangazo linao.

Nyuso za wanafunzi kwenye vya simu hazitaonekana, na naomba sana usichukue picha ya mtoto yeyote wa hapa hata ile ya mahafali iliyoko kwenye grupu ukaipandisha kwenye mashine ili "ifanane". Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mzazi hajaniruhusu. Hao wa kutengeneza wawe hawafanani na mtu. Na kwa vile mashine inasahau sura kila klipu, usihangaike na mhusika mmoja, ndo maana nimekupa migongo na mikono.

Sauti atasoma mwalimu wa awali, ana sauti nzuri, nitakutumia kwa wasap. Ile ya mashine ilitamka Lushoto kama jina la pikipiki. Maneno ni machache: "Njoo ufungue daftari la mwanao. Jumamosi tarehe 24 Oktoba, saa 3 asubuhi. Hakuna mchango siku hiyo, uji upo." Mwishoni maandishi madogo lakini yasomeke: "Baadhi ya picha zimetengenezwa kwa akili mnemba." Usiyafiche kwenye kona.

Nitumie kwanza prompti zenyewe kwa Kiswahili nizipitie na walimu kabla hujachoma pointi, ikiwezekana ifikapo tarehe 2 Oktoba, maana klipu ikishatoka kila mtu anakuwa na huruma ya kusema haijakaa sawa. Ya bando nimekurushia elfu kumi, imeandika jina la mume wangu usishangae. Usipige kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi nakuwa na kipindi la nne. Msalimie mama, mwambie mapeasi yameanza.

Mwl. Mkuu