Maagizo ya Kusafisha Picha ya Mrashi wa Fedha: mrashi_07.tif

Kwa msafishaji wetu wa picha, Malindi

Assalaam aleikum, ndugu yangu.

Nimekutumia faili mbili, mrashi_07.tif na mrashi_08.tif, zote zikiwa na upana wa pikseli 4000 na urefu wa pikseli 6000. Picha ya kuuzia ni ile ya kwanza. Ya pili ilipigwa kamera ikiwa palepale juu ya miguu yake mitatu, ila mpiga picha alijificha nyuma ya kadibodi nyeupe yenye tundu la lenzi. Kwa bahati mbaya kadibodi hiyo iliziba mwanga wa upande wa kushoto, na ndiyo sababu hatukuichagua, lakini katikati ya tumbo la mrashi ni safi na itakufaa kama akiba ya kuchotea.

Sehemu zote nimezitaja kwa pikseli, x ikihesabiwa kutoka ukingo wa kushoto na y kutoka juu. Sikutumia mfano wa uso wa saa, kwa sababu saa mbili ya Kiswahili na mbili ya mshale si kitu kimoja, na tumewahi kufutiwa nakshi nzima kwa kutoelewana huko.

Ninachokiomba ni kuondoa vilivyoletwa na mahali tulipopigia picha, na kuacha vyote vilivyo vya mrashi wenyewe. Tulipiga kwenye daka la nyumba, mlango ukiwa wazi, na tumbo la fedha lililosuguliwa ni kioo cha mbinuko: hukusanya kila kilicho mbele yake na pembeni yake, likakiweka humo kikiwa kidogo na kimepinda.

Kinachoudhi zaidi ni mpiga picha mwenyewe, aliyesimama katikati ya tumbo kati ya x 1850 na 2150, y 3900 na 4350, amevaa shati jekundu. Usimfute kwa brashi ya kuponya, kwa sababu eneo ni kubwa na brashi hiyo itaacha doa la ukungu lisilofanana na fedha. Iweke picha ya 08 katika tabaka la juu, uzilinganishe kwa `Auto-Align Layers`, kisha uifiche yote kwa barakoa nyeusi na kufunua eneo hilo peke yake kwa brashi laini. Kwa kuwa 08 ina giza kidogo, ipandishe kwa `Curves` iliyofungwa kwenye tabaka hilo tu, mpaka ukingo wa kiraka usionekane hata ukiitazama picha ikiwa ndogo. Utazame hivyo kweli, kwa sababu kiraka kinachojificha ukiwa karibu mara nyingi hujitokeza ukirudi nyuma.

Wekundu wa shati haukuishia kwenye shati. Umesambaa hadi chini, kwenye y 4600 hivi, na umeingia pia kwenye mviringo wa kitako kati ya y 5050 na 5200. Hapo hapana umbo la kufuta, pana rangi tu, basi tumia `Hue/Saturation` kwa `Reds` pekee, ndani ya barakoa, upunguze ukolezo mpaka fedha irudi kijivu. Usiufikishe kwenye kijivu cha saruji. Fedha yetu ina joto kidogo, na nyekundu ikizidi bluu kwa nukta nne au tano katika `Info` si kosa.

Kulia, x 2450 hadi 2600, y 4000 hadi 4150, utaona kitu cheusi chenye miguu. Ni punda aliyekuwa akipita uchochoroni. Amekaa juu ya uso mtupu usio na nakshi, kwa hiyo chota kwa `Clone Stamp` kutoka sehemu iliyo juu yake, ukifuata mpindo wa tumbo, wala usichote kutoka ubavuni, kwa kuwa mwanga hubadilika haraka kadiri unavyokaribia ukingo. Nukta nyeupe iliyo x 2250, y 3600 ni kioo cha simu, nayo iondoke.

Sasa mambo ambayo mkono wako usiyaguse. Mstari mrefu wa mwanga ulio kushoto, x 1400 hadi 1480, kuanzia y 3500 hadi 4600, ni mwakisiko pia, lakini ndio unaolifanya tumbo lionekane mviringo, na ukiuondoa mrashi utafanana na bati lililopakwa rangi. Vivyo hivyo mistari myeusi miembamba ya kingo zote mbili. Kitambaa cha nyuma ni cheupe, na fedha ikiwa nyeupe juu ya weupe umbo hupotea, kwa hiyo giza hilo la ukingoni ndilo linalomwonyesha mnunuzi mahali chombo kinapoishia. Weusi ulio ndani ya mifereji ya nakshi si uchafu. Fundi huuacha makusudi anaposugua, ili maua yasomeke. Alama za nyundo chini ya shingo zibaki, na kibonyeo kidogo kilicho x 1620, y 4700 kibaki pia, kwa kuwa tumekitaja katika maelezo ya bei na mnunuzi akikikosa kwenye picha atadhani tumemtumia mrashi mwingine.

Vumbi ni la aina mbili na dawa zake ni mbili. La kwanza lilikuwa kwenye chombo na kitambaa: chembe kali, nyeupe, nyingine ni nyuzi za pamba, nyingi zikiwa kwenye shingo na kuzunguka matundu ya kichwa. Hizo ondoa kwa `Healing Brush`, ukubwa wa brashi ukizidi chembe kidogo tu, ukiwa umekuza hadi 100%. Karibu na ukingo wa chombo, na kwenye matundu, badili utumie `Clone Stamp`, maana brashi ya kuponya huvuta rangi ya jirani, na tundu la kunyunyizia marashi likijaa kijivu halitakuwa tundu tena. Yahesabu matundu kabla na baada ya kazi.

La pili liko kwenye sensa ya kamera. Ni madoa ya duara, laini, ya kijivu, yaliyoonekana zaidi kwa sababu tulifunga lenzi hadi f/16. Utayajua kwa ulaini wake, tofauti na chembe kali za aina ya kwanza. Mimi nimeona matatu juu ya kitambaa upande wa kulia, lakini naamini yapo zaidi. Ili kuyafichua, weka `Curves` ya muda yenye mpindo mkali juu ya matabaka yote, uyafute, kisha uifute na hiyo `Curves`. Mikunjo ya kitambaa iache, haina ubaya.

Fanya kila kazi kwenye tabaka lake, brashi zikichota kwa `Current & Below`, na picha ya asili ibaki chini bila kuguswa. Nirudishie faili ya PSD yenye matabaka yote, pamoja na JPEG ya sRGB yenye upande mrefu wa pikseli 2000. Ukikuta kitu usichokuwa na hakika kama ni vumbi au ni kazi ya fundi, kizungushie duara kwenye tabaka tupu na unitumie kwanza. Mrashi bado uko dukani, nitauchukua mkononi nikutazamie.