Barua ya kupinga nyongeza ya kodi ya duka nambari 4, Mwembe Tayari

Zuhura Kassim Mwinyi
Mpangaji, duka nambari 4, ghorofa ya chini
Mwembe Tayari, Mombasa

14 Oktoba 2025

Kwa Mzee Khamis Abdalla Faki, mwenye jengo
Nakala kwa wakala wa jengo
(Inaletwa kwa mkono, nakala inatumwa kwa WhatsApp)

Assalaam aleykum, Mzee Khamis.

KUH: NYONGEZA YA KODI KUTOKA SHILINGI 44,000 HADI 65,000

Barua yako ya tarehe 30 Septemba 2025 niliipokea dukani tarehe 3 Oktoba kutoka kwa wakala. Inasema kuanzia 1 Novemba nilipe shilingi 65,000 kwa mwezi badala ya 44,000, niongeze amana ifike 130,000, na nisipofanya hivyo duka litafungwa. Kwa heshima zote, mzee wangu, siikubali nyongeza hiyo, na nakuomba uichukue barua hii kuwa jibu langu rasmi. Nimeweka pia kiwango ninachokiona cha haki kwetu sote, ukipenda tulimalize wenyewe.

Mkataba wetu ni wa miaka 5, kuanzia 1 Aprili 2022 hadi 31 Machi 2027. Tulitia sahihi kila ukurasa, mbele ya mashahidi wawili. Kifungu cha 4 kiliweka kodi ya kuanzia kuwa shilingi 40,000. Kifungu cha 5 nakinukuu chote, kwa kuwa ndicho kiini cha jambo hili:

"Kodi itaweza kuongezwa mara moja tu kila baada ya miaka miwili, na nyongeza hiyo haitazidi asilimia 10 ya kodi inayolipwa wakati huo."

Miaka miwili ya kwanza iliisha 31 Machi 2024. Ulidai asilimia 10 kamili, nikalipa 44,000 kuanzia Aprili bila neno, kwa sababu ilikuwa haki yako. Nafasi yako ya pili ni 1 Aprili 2026, na kiwango cha juu kabisa siku hiyo ni 48,400. Hii ya sasa imekuja miezi mitano kabla ya wakati wake, tena ni karibu asilimia 48. Hata tungekuwa Aprili, ingezidi kikomo kwa shilingi 16,600 kila mwezi.

Nimepiga hesabu ya tofauti hadi mwisho wa mkataba. Kuanzia Novemba 2025 hadi Machi 2026 ni miezi 5 kwa shilingi 21,000, yaani 105,000. Kuanzia Aprili 2026 hadi Machi 2027 ni miezi 12 kwa 16,600, yaani 199,200. Jumla ni shilingi 304,200 ambazo hazimo katika karatasi yoyote niliyotia sahihi. Pea moja ya leso, nikishatoa bei ya jumla na usafiri, huniachia takriban shilingi 140. Hiyo 21,000 ni sawa na kuuza pea 150 zaidi kila mwezi, katika duka lilelile, kwa wateja walewale.

Umetoa sababu tatu. Naomba nizijibu moja moja.

Ya kwanza ni reti za kaunti. Kifungu cha 6 kinasema reti na kodi ya ardhi ni juu ya mwenye jengo, na mimi nalipa stima, maji na leseni ya biashara. Kwa hivyo hata reti zikipanda, hazibadilishi kodi kabla ya Aprili 2026. Asilimia 10 ya kifungu cha 5 ndiyo iliyowekwa kubeba gharama za namna hiyo.

Ya pili ni rangi ya mbele na vigae vya barazani vilivyowekwa Julai. Kazi ilifanywa vizuri na wateja wameisifu, na ninakushukuru. Lakini kifungu cha 9 kimeweka sehemu ya nje, kuta, paa na mifereji mikononi mwako, na hakuna mahali kinaposema matengenezo hayo yatalipiwa kwa kodi.

Ya tatu, na hii ndiyo yenye uzito, ni kwamba duka la pembeni linalipa 62,000, hivyo langu lina kodi ya chini mno. Tupime kwa futi, mzee, kwa sababu maduka hayo mawili si sawa. Langu ni futi 14 kwa 22 pamoja na stoo ya nyuma, yaani futi za mraba 308. La pembeni ni futi 16 kwa 30, yaani 480, lina milango miwili, mmoja ukitazama barabara, na choo chake mwenyewe. Kwa 62,000, jirani analipa takriban shilingi 129 kwa futi. Mimi kwa 44,000 nalipa kama 143. Nikifika 48,400 nitakuwa kwenye 157, na kwa hiyo 65,000 ningelipa 211 kwa futi, kwa duka lenye mlango mmoja. Kipimo ulichokileta wewe mwenyewe kinaonyesha kuwa mimi ndiye ninayelipa zaidi. Ukitaka, wakala aje na futi kamba tupime pamoja.

Kuhusu amana, shilingi 80,000 ulizonazo ni kodi ya miezi miwili ya mwanzo. Kifungu cha 7 kinasema zitakaa vilevile hadi mwisho wa mkataba, "bila kujali mabadiliko ya kodi". Kwa hiyo ile 50,000 ya ziada sidaiwi.

Barua inataja pia VAT juu ya hiyo 65,000. Kodi ya duka hutozwa VAT ya asilimia 16 pale mwenye jengo anapokuwa amesajiliwa na KRA kwa VAT. Kama umesajiliwa, nipe nambari ya PIN na ankara ya eTIMS ya kila mwezi, tuone pamoja mkataba unasemaje. Bila ankara hiyo, siwezi kulipa kitu kinachoitwa VAT.

Sasa upande wa sheria. Sipendi tufikishane huko, lakini ni bora tuujue sote mapema. Mkataba wa duka ulioandikwa na usiozidi miaka 5 unalindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinamtaka mwenye jengo anayetaka kubadilisha masharti kwa hasara ya mpangaji atoe notisi kwa fomu maalumu iliyowekwa na sheria. Notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu mpangaji aipokee, lazima itaje sababu, na lazima imtake mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au la. Barua yako ni ya kawaida, si fomu hiyo. Kutoka 3 Oktoba nilipoipokea hadi 1 Novemba ni siku 29 tu. Na haikunipa nafasi ya kujibu. Kwa hiyo, hata tukiuweka mkataba kando, kodi haiwezi kubadilika Novemba kwa barua hii. Ingetimia masharti yote, kifungu cha 6 cha sheria hiyo kingeniruhusu kuipeleka kwenye traibunali ya kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe yake, na ikishafika huko husimama hadi kesi iamuliwe.

Neno la kufungwa duka naomba uliondoe kabisa. Sina deni hata la mwezi mmoja. Risiti za tangu Aprili 2022 ninazo zote. Kufuli likiwekwa mlangoni bila amri ya traibunali au mahakama, nitaenda kuomba zuio siku hiyohiyo, na hasara ya kila siku duka likiwa limefungwa nitaidai.

Kwa sasa nitaendelea kulipa 44,000 kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, kwa akaunti ileile ya benki. Risiti iandikwe "kodi kamili ya mwezi wa Novemba 2025". Nalisisitiza hili kwa sababu wakala aliniambia ataandika "sehemu ya kodi". Risiti ya namna hiyo itanitengenezea deni la 21,000 kila mwezi kwenye vitabu vyenu, na siku moja litaletwa kama sababu ya kunitoa. Ikiandikwa hivyo nitairudisha, na nitabaki na karatasi ya benki kama ushahidi wa malipo kamili.

Nakuja kwenye pendekezo langu. Natambua gharama zimepanda kwako kama zilivyopanda kwangu, na kwamba kungoja hadi Aprili kunakuuma. Kwa hiyo niko tayari kulipa shilingi 48,400, asilimia 10 yote, kuanzia 1 Januari 2026 badala ya 1 Aprili. Mkataba haunilazimishi. Utapata 13,200 ambazo usingezipata, na sitajadili tena kiwango hicho ifikapo Aprili.

Ninachoomba kwa upande wangu ni mfereji wa paa la stoo. Kiungo cha mabati juu ya ukuta wa nyuma kimeachana, nafasi ya kupitisha vidole viwili, na maji yanateremkia rafu ya juu. Masika ya mwaka huu yaliharibu majora mawili ya kitambaa na pea 14 za leso. Rangi nyekundu ilichuruzika ikaingia kwenye nyeupe, na leso ikishakuwa hivyo hainunuliwi hata kwa nusu bei. Kuziba kwa lami hakutoshi, ilijaribiwa ikabanduka kwa jua. Kipande cha mfereji chenye urefu wa futi 8 hivi kibadilishwe, kishikiliwe na vishikio vipya, na mwinamo urekebishwe uelekee bomba la kuteremshia. Naomba kazi iishe kabla ya 15 Desemba, ili mvua ya kwanza tuitumie kujaribu kama panavuja.

Kifungu cha 12 kinataka mabadiliko yoyote yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Maneno haya yanatosha:

"Kwa makubaliano ya pande zote mbili, kodi ya duka nambari 4 itakuwa shilingi 48,400 kwa mwezi kuanzia 1 Januari 2026 hadi 31 Machi 2027, na haitaongezwa tena ndani ya kipindi hicho. Amana itabaki shilingi 80,000. Mwenye jengo atabadilisha mfereji wa paa la stoo kwa gharama yake kabla ya 15 Desemba 2025. Usipobadilishwa, kodi itabaki shilingi 44,000 hadi 31 Machi 2026. Masharti mengine yote ya mkataba wa 1 Aprili 2022 yanabaki yalivyo."

Tupige nakala mbili, kila mmoja abaki na moja yenye sahihi zote na za mashahidi. Kodi ya baada ya Machi 2027 tuizungumze Septemba 2026, mapema, kila mtu ajipange.

Pendekezo hili ni la sulhu. Likikataliwa, lisichukuliwe kuwa nimekubali kodi yoyote zaidi ya ile ya kifungu cha 5, wala tarehe yoyote kabla ya 1 Aprili 2026.

Naomba jibu lako kwa maandishi kufikia Ijumaa, 24 Oktoba 2025. Nisipopata jibu, nitapeleka malalamiko kwenye traibunali hapa Mombasa kabla ya 1 Novemba. Ukitaka tukae tuzungumze, niko dukani kila siku baada ya Alasiri, na naweza kuja kwako pia. Wakala awepo na mkataba wa asili uwe mezani.

Wako kwa heshima,

Zuhura Kassim Mwinyi

Vilivyoambatishwa: nakala ya mkataba, nakala ya barua ya 30 Septemba 2025, risiti za kodi za miezi 12 iliyopita, picha nne za mfereji na za bidhaa zilizolowa.

Tafadhali mpokeaji atie sahihi, jina, tarehe na saa nyuma ya nakala inayobaki kwangu.