Maelekezo ya nyumbani: kumkalisha, kumlaza na kumvalisha splinti ya mkono wa kushoto

Mama na Bibi,

Siku ile mlipokuja kliniki mtoto alilia karibu muda wote, nami nikawaeleza mambo mengi kwa haraka. Nimeyaandika hapa ili hata kaka yake anayemshika jioni ayasome.

Tuanze na makalio kabla ya mkono. Mmeona wenyewe: akiteleza kwenye kiti kichwa kinakwenda nyuma, miguu inanyooka na kupishana kama mkasi, na ngumi inazidi kujifunga. Mkono hauwezi kulegea ikiwa nyonga zimekaza. Kwa hiyo msukumeni makalio hadi yaguse nyuma ya kiti, mfungeni mkanda wa nyonga, kisha wekeni taulo lililokunjwa katikati ya magoti. Nyayo zikanyage kitu. Zikining'inia, mwili mzima utatafuta pa kujishikilia kwa kukakamaa. Meza ifike usawa wa viwiko, na mikono yote miwili iwe juu yake, aione. Asikae hivyo zaidi ya dakika 30 au 40 bila kubadilishwa.

Wakati wa kula, awe wima na kidevu kishuke kidogo. Bibi, najua ni rahisi kumpakata akiwa amelala chali, lakini kichwa kikielekea nyuma chakula hupotea njia kikaenda mapafuni. Akimaliza, abaki wima kama nusu saa.

Kulala chali muda mrefu hakumfai. Akigeuza kichwa upande mmoja, mkono wa upande huo unanyooka na wa pili unajikunja. Hafanyi makusudi wala si ukaidi. Mchana mlazeni ubavu: mto mgongoni, mwingine katikati ya miguu, mikono yote mbele ya kifua. Badilisheni ubavu, kwa sababu mtoto anayelala upande mmoja tu huanza kupinda mgongo na nyonga. Kulala kifudifudi juu ya taulo lililoviringishwa ni kwa wakati yuko macho na mtu yuko naye. Mito hii isikaribie uso, na usiku msimwekee hadi tuzungumze, maana ana kifafa.

Sasa splinti. Haiponyi mkono, wala haifanyi kazi ya mazoezi. Kazi yake ni kuushika mkono ukiwa umefunguka ili misuli isifupike na kucha zisichome kiganja. Ndiyo maana avae akiwa ametulia au amelala mchana, si wakati wa kucheza wala kula. Hata mkono dhaifu unahitaji kugusa vitu.

Kabla ya kumvalisha, mkalisheni vizuri kama nilivyoeleza. Msivute vidole kwa ncha zake, kadiri mnavyovuta ndivyo anavyokaza. Kunjeni kifundo cha mkono taratibu kuelekea kiganjani, mtaona vidole vinaachia vyenyewe. Shikeni gumba chini kabisa, kwenye mnofu, mlitoe nje ya kiganja. Hapo ndipo mkono uingizwe ndani ya splinti, huku mkirudisha kifundo juu polepole. Fungeni mkanda wa kifundo kwanza, vidole baadaye, gumba mwisho. Kidole chenu kimoja kiweze kupita chini ya mkanda. Akianza kukaza katikati ya kazi, subirini. Kushindana naye hakufai.

Siku 2 za kwanza avae dakika 30, mara 2 kwa siku. Kila mkiivua, angalieni ngozi ya kifundo, mzizi wa gumba na vifundo vya vidole. Wekundu unaotoweka ndani ya dakika 20 si shida, na mnaweza kuongeza nusu saa kila baada ya siku 2 hadi ifike saa 2 kwa mara moja. Wekundu ukibaki, au mkiona lengelenge, uvimbe, vidole vya baridi au vyenye rangi ya buluu, ivueni na msiirudishe hadi niione. Akilia kila mara anapovalishwa, hiyo pia ni habari, msimlazimishe. Hawezi kusema panapomuuma.

Ndani avae soksi nyembamba iliyokatwa vidole, bila mshono unaokandamiza. Kiganja kioshwe na kukaushwa kila siku, hasa katikati ya vidole. Splinti yenyewe ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji ya moto, jua la dirishani na jiko vitailegeza ipoteze umbo, na msijaribu kuinyoosha wenyewe kwa mvuke. Kuna mzazi mmoja alijaribu, tukaanza upya.

Tutaonana baada ya wiki 2. Njooni na splinti, soksi zake, na karatasi ya saa alizovaa, hata kama kuna siku hakuvaa kabisa. Ana miaka 4 na anakua haraka, kwa hiyo splinti hii huenda ikambana ndani ya miezi michache. Vidole vikianza kupita ukingo wake, msingoje siku ya kliniki.

Mtaalamu wenu wa tiba kwa vitendo